Barua mbili kwa mwenye duka la khanga Ngamiani

Duka lenyewe liko Ngamiani, Tanga, kwenye moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Ni fremu moja, nyembamba na ndefu. Ukiingia, kaunta ya mbao iko kulia na ukuta wa nyuma wote ni rafu za khanga, doti zimekunjwa na kupangwa hadi karibu na dari. Vitenge viko nyuma ya kaunta. Mlango ndio dirisha, maana hakuna jingine. Mwenye duka ni mama wa makamo aliyeachiwa biashara na mumewe, na siku nyingi anayeuza ni mtoto wa kaka yake, kijana anayemwita Shangazi.

Vijana watatu wa hapa Tanga walitaka kutengeneza filamu fupi ya kweli, isiyo ya kuigiza, kuhusu namna wanawake wanavyochagua khanga kwa jina lake. Mteja anafika, anaulizia rangi, kisha anasema "hebu nisomee jina," na hapo ndipo mambo yanapoanza. Kuna anayeitafuta ya kumpelekea mama mkwe, mwingine anataka ya kumjibu jirani, na mwingine anaikataa doti nzuri kabisa kwa sababu maneno yake yatamletea ugomvi nyumbani. Kitu hicho huwezi kukipata duka likiwa limefungwa, wala kwa kumwomba mtu aigize. Kwa hiyo ombi lao lilikuwa gumu kuliko maombi ya kawaida ya eneo la kurekodia: walihitaji duka likiwa wazi na wateja wa kweli ndani.

Walipeleka barua ya kwanza katikati ya Julai. Nimeiona. Ilikuwa fupi, imechapwa vizuri, na sehemu yake kuu ilisema hivi:

"YAH: OMBI LA KUPIGA PICHA ZA VIDEO DUKANI KWAKO. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni vijana wabunifu tunaotengeneza filamu kuhusu utamaduni wetu. Tunaomba kibali cha kurekodi ndani ya duka lako siku ya Jumamosi wakati wa kazi. Tutashukuru kwa ushirikiano wako, na duka lako litapata matangazo ya bure."

Hawakukataliwa. Waliambiwa "Shangazi ameiona, atawajibu," na wiki mbili zikapita. Pwani huku jibu la namna hiyo linaeleweka, ila vijana walidhani mama anasahau, wakawa wanapita kumkumbusha. Kila walipopita, yule kijana wa kaunta alizidi kuwa mkimya.

Binti anayeongoza ile filamu alipokuja kuniomba niisome barua, nilimwambia aende kwa kijana wa kaunta, asiende kwa shangazi, amuulize kitu kimoja tu: mama aliposoma, alisema nini? Majibu aliyorudi nayo ndiyo yaliyoandika barua ya pili.

Mama alikuwa na hofu nne. Kwanza Jumamosi. Hiyo ndiyo siku watu wanakuja kununua khanga za arusi, wanachukua doti thelathini za sare kwa mkupuo, na ye yote atakayeziba mlango siku hiyo anaziba mapato ya wiki. Pili, "wakati wa kazi" ni saa ngapi hadi saa ngapi? Duka linafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa magharibi. Alivyoelewa yeye, wanataka kushinda mle kutwa. Tatu, wateja wake wengi ni wanawake wa buibui ambao hawapendi hata kupigwa picha za arusini. Akionekana ameruhusu kamera, watahamia duka la pili, na duka la pili liko hatua ishirini tu. Ya nne hakuisema wazi. Kijana alisema tu, "Shangazi kauliza kamera itakuwa inatazama wapi."

Hiyo ya nne ndiyo nzito. Juu ya ile kaunta kuna droo ya pesa, kuna mashine ya risiti, na kuna daftari la madeni. Daftari hilo lina majina ya nusu ya wanawake wa mtaa na kiasi ambacho kila mmoja anadaiwa. Hata kama mambo yake yote ya kodi yamenyooka, hakuna mwenye duka anayetaka kaunta yake irekodiwe saa tatu mfululizo na watu asiowajua, kisha ionyeshwe asikokujua. Na ile ahadi ya "matangazo ya bure" ilizidisha shaka. Duka linajulikana Ngamiani nzima, yeye hana haja ya kutangazwa. Aliyesikia kwamba atatangazwa alijiuliza atatangazwa kwa nani.

Ukiitazama barua ya kwanza kwa macho hayo, utaona haikumwomba mama kitu anachoweza kukikubali. Ilimwomba aamini. Mtu anaweza kukubali kona moja ya duka, saa tatu za Jumanne, kamera inayotazama ukuta wa nyuma. Kukubali "kurekodi ndani ya duka wakati wa kazi" ni kama kutia sahihi hundi ambayo kiasi hakijaandikwa.

Hapa kuna jambo ambalo vijana walilichanganya tangu mwanzo, na wengi wanaotengeneza filamu hulichanganya. Mwenye duka anaweza kukupa ruhusa ya mahali, lakini hana uwezo wa kukupa ruhusa ya nyuso za wateja wake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, na tangu Mei 2023 inatumika pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022. Sura ya mtu inayotambulika kwenye video inamhusu yeye mwenyewe. Kijana wa kaunta naye vivyo hivyo: kuajiriwa na shangazi hakumaanishi shangazi anaweza kuikubalia kamera kwa niaba yake. Basi barua iliyomwomba mama "kibali cha kurekodi" na kunyamazia wateja ilimwachia yeye mzigo wa kuwajibu wateja, mzigo ambao si wake. Barua nzuri inaomba kwa mwenye duka kile alicho nacho, kisha inamweleza jinsi watu wengine watakavyoombwa wenyewe.

Kuna ngazi nyingine juu ya hiyo, nayo ni fupi kuieleza. Filamu ya kuonyeshwa hadharani inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 na marekebisho yake. Ruhusa ya mama haiondoi haja ya kibali hicho, wala kibali hicho hakikupi haki ya kuingia dukani kwa mtu. Wako watu wanaokwenda dukani na kibali cha serikali mkononi wakidhani mwenye duka sasa hana la kusema. Wakitolewa nje wanashangaa.

Kabla ya kuandika upya, nilimwomba binti aende dukani kama mteja, anunue kitu, atazame. Alisimama hatua moja ndani ya mlango, upande wa kushoto, akageukia ukuta wa nyuma. Mwanga wa mlangoni ulikuwa unamtokea begani na kuangukia rafu moja kwa moja, khanga zikaonekana rangi zake zote. Wateja wanaochagua walikuwa wamempa mgongo, kwa sababu nao wanazitazama rafu. Anayegeuka ni muuzaji, akiitandaza khanga mbele ya mteja na kusoma jina. Kaunta ilikuwa kuliani, nje kabisa ya macho yake. Kwa hiyo kona ile moja ilitatua mambo matatu: mwanga bila taa, nyuso za wateja, na kaunta ya mama. Wangeweka kamera nyuma, ikitazama mlango, wateja wangekuwa vivuli vyeusi na nusu ya barabara ingeingia kwenye picha.

Barua ya pili ndiyo hii. Nimeondoa majina na anwani tu.

"30 Julai 2025

Mama,
Shikamoo.

YAH: OMBI LA KUREKODI VIDEO DUKANI KWAKO JUMANNE TAREHE 12 AGOSTI 2025, SAA 3:00 ASUBUHI HADI SAA 6:00 MCHANA

Sisi ni watu watatu, wakazi wa Tanga. Tunatengeneza filamu ya dakika 15 inayoonyesha jinsi wanawake wanavyochagua khanga kwa jina lake. Tunaomba ruhusa yako turekodi dukani kwako wakati wateja wanaingia, kwa kuwa mazungumzo tunayoyatafuta ni ya mteja na muuzaji, na duka likifungwa hayapo.

Tutatumia kamera moja juu ya stendi, nayo itakaa kona ya kushoto, hatua moja kutoka mlangoni. Itatazama rafu za khanga za ukuta wa nyuma. Kaunta na vyote vilivyo juu yake na nyuma yake havitaonekana. Kabla hatujaanza tutakuonyesha kwenye kioo cha kamera picha inaanzia wapi na kuishia wapi. Hatutawasha taa, hatutatumia umeme wako, hatutagusa wala kuhamisha bidhaa. Tunaomba redio izimwe tunaporekodi, kwa sababu nyimbo zina wenyewe. Feni iendelee kama kawaida.

Mwenzetu mmoja, ambaye ni mwanamke, atakaa barazani na kumweleza kila anayeingia. Uso wa mteja hautaonekana kwenye filamu bila yeye kukubali. Asiyetaka atahudumiwa upande wa kaunta, au tutaifunika kamera mpaka atoke. Watoto hatutawarekodi. Muuzaji wako tutamwomba yeye mwenyewe.

Wewe au muuzaji mkisema "basi" wakati wowote, tutasimama bila kuuliza sababu. Filamu ikikamilika tutakuletea uitazame kabla ya mtu mwingine, na sehemu ya duka lako utakayoikataa tutaitoa. Picha hizi zitatumika kwenye filamu hii na katika kuitangaza filamu hii tu.

Kwa usumbufu wa saa hizo tatu tutakulipa shilingi 50,000 asubuhi hiyo kabla ya kufungua mizigo. Tukiharibu kitu tutakilipa siku hiyo hiyo kwa bei unayokiuzia.

Tumeambatisha nakala ya kibali cha Bodi ya Filamu na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Kama siku hiyo haikufai, tupangie nyingine. Tutapita Jumatatu tarehe 4 Agosti kupata jibu. Ukisema hapana, hatutakusumbua tena."

Chini yake kulikuwa na sahihi, namba ya simu, na mistari mitatu mitupu iliyoandikwa "Masharti ya mwenye duka." Zilikuwa nakala mbili, moja ya mama na moja ya kurudi nayo ikiwa na sahihi yake.

Sitaichambua yote. Nitasimama mahali pachache.

Saa zimeandikwa pamoja na "asubuhi" na "mchana" kwa makusudi. Kwenye simu zetu saa zinasomeka vingine, na mmoja wa wale vijana alikuwa amezoea kuandika ratiba zake kwa saa za simu. Ukiandika "9:00 hadi 12:00" kwenye barua ya Kiswahili, mama atakutarajia alasiri, duka likijaa watu wanaotoka kazini. Jumanne asubuhi ilichaguliwa kwa sababu kijana wa kaunta alisema wateja wa siku hiyo ni wachache na hawana haraka. Wateja wachache wasio na haraka wanaifaa filamu hii zaidi, kwa hiyo hapo maslahi ya pande mbili yalikutana bila mtu kubembelezana.

Kaunta imetajwa mara moja, kwa sentensi moja kavu. Rasimu ya binti ilikuwa imeandika "hatutarekodi pesa zako, risiti wala daftari la madeni." Nilimshauri aitoe. Ukimwandikia mfanyabiashara kwamba hutarekodi risiti zake, umeshamwambia kwamba umezifikiria risiti zake. "Kaunta na vyote vilivyo juu yake" inabeba kila kitu bila kumnyooshea kidole. Na ahadi ya kumwonyesha kwenye kioo cha kamera inampa njia ya kuhakiki kwa macho yake. Mtu asiyejua lenzi huwezi kumtuliza kwa maneno. Lenzi pana inaweza kuila kaunta nzima kutoka kona ile ile, na lenzi nyembamba isiione kabisa.

Feni na redio zilileta ubishi kati ya vijana wenyewe. Anayeshughulikia sauti alitaka feni izimwe, kwa kuwa inavuma kwenye maikrofoni. Agosti Tanga si mwezi wa joto kali, lakini ndani ya fremu isiyo na dirisha, saa tano, huwezi kumwambia mwenye duka azime feni huku wateja wanatoka jasho juu ya khanga mpya. Mvumo wa feni unavumilika kama maikrofoni iko karibu na mdomo, na kama umerekodi dakika moja ya mvumo mtupu wa chumba ili uweze kuunganisha vipande bila sauti kuruka. Redio ni kesi tofauti. Wimbo ukisikika nyuma ya mazungumzo, huwezi kuutenganisha nayo, ukikata sentensi wimbo nao unakatika, na zaidi ya hapo unalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999. Kwa hiyo barua iliomba kitu kimoja na kukiacha kimoja. Mwenye duka akiona kuna ulichokiacha kwa ajili yake, anaona umewahi kukaa dukani.

Pesa nazo. Vijana walitaka kuandika "hatutakusahau." Maneno hayo kwa mfanyabiashara ni mabaya kuliko kutolipa. Kama huna, sema huna na eleza utatoa nini badala yake, na kama unazo taja kiasi na wakati wa kulipa. Kuhusu kiasi chenyewe sina kanuni. Shilingi 50,000 kwa saa tatu za Jumanne ndicho walichoweza.

Mstari niliouthamini kuliko yote ni ule wa "basi." Vijana waliuogopa. Walisema, je, akitusimamisha katikati ya mteja mzuri? Nikawauliza, msipouandika hawezi kuwasimamisha? Duka ni lake, anaweza kuwatoa wakati wowote, na ruhusa iliyoandikwa haitawafunga mlango kwa ndani. Tofauti ni kwamba uking'ang'ana na haki yako ya kuendelea, atakutoa kwa ugomvi mbele ya wateja. Ukimpa neno la kukusimamisha, atalitumia kwa dakika tano kisha akuruhusu.

Jumatatu ile mama mwenyewe alikuwa dukani. Aliisoma nakala yake mara ya pili mbele yao, taratibu, akaitia sahihi. Kwenye mistari ya masharti akaandika kwa mkono mambo mawili: wanaume wasikae mlangoni, na "kama ni ya kutazama nitaitazama na wanangu." Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea: kwa nini duka lake na si lile la jirani? Binti akamjibu kwamba kwa jirani khanga zinatundikwa na mteja anajisomea, hapa anasomewa. Mama akacheka. Nadhani jibu hilo lilistahili kuwemo kwenye barua, aya ya kwanza, na mtu akiitumia barua hii kama mfano ningependa aliongeze.

Siku yenyewe ilikwenda vizuri kwa sehemu kubwa. Walibandika utepe mwekundu sakafuni kuonyesha mwisho wa picha upande wa kaunta, ili asiyetaka kuonekana ajue asimame wapi bila kuuliza. Mlangoni waliweka tangazo la herufi kubwa, ila tangazo peke yake halikusaidia sana. Mwanamke anayeingia dukani macho yake yako kwenye khanga, na ye yote aliyebeba mtoto mgongoni na kikapu mkononi hasimami kusoma karatasi. Aliyesaidia ni yule binti wa barazani. Waliokubali waonekane nyuso walisema hivyo mbele ya kamera, jina na neno "nakubali," baada ya kumaliza kununua. Kuomba baada ya kununua kulifaa kuliko kabla, kwa sababu mteja alishajua alichosema na angeweza kukikataa.

Mama alisema "basi" mara mbili. Ya kwanza aliingia mzee wa familia yao, kamera ikafunikwa, wakakaa mpaka akaondoka. Ya pili ndiyo iliyofichua pengo la barua.

Aliingia mteja wa siku zote, akaambiwa barazani, akasema hataki kuonekana, akaenda upande wa kaunta kama ilivyopangwa. Kamera haikumwona hata kivuli. Lakini maikrofoni ilikuwa imebanwa kwenye kola ya kijana muuzaji, na kijana alimfuata mteja wake kuliani. Kwa dakika tatu walizungumza deni la khanga za mwezi wa tano, sababu ya kuchelewa kulilipa, na mume ambaye hajatuma kitu tangu aende Handeni. Mshika sauti alikuwa amevaa visikizio vyake na kusikia kila neno. Ni mama aliyegutuka, akamtazama yule kijana mwenye visikizio, akasema basi.

Isome barua tena. Imejaa "kuonekana," "kutazama," "uso." Sauti haimo. Vijana waliweka mpaka wa lenzi kwa ustadi kabisa wakasahau kwamba maikrofoni haina upande wa kulia na wa kushoto. Na kwenye duka la khanga, siri za watu ziko kwenye maneno kuliko kwenye sura. Hawakubishana. Sauti ilikuwa inarekodiwa kwenye kifaa chake peke yake, kila kipande faili lake, kwa hiyo waliweza kulifuta faili lile mbele ya mama na mteja bila kugusa mengine. Baada ya hapo wakakubaliana kwamba kijana akivuka utepe mwekundu, swichi ya maikrofoni inazimwa kwanza, na anayeizima ni kijana mwenyewe, maana ndiye anayejua mteja gani anakuja na habari gani. Kwenye barua ya namna hii sentensi inayokosekana ni fupi: "Sauti itarekodiwa pale tu kamera inaporekodi, na muuzaji ndiye atakayeshika swichi."

Filamu ilipokamilika walimpelekea kwenye simu ya binti, mama akaitazama na wanawe, kama alivyoandika. Alitoa kipande kimoja. Mteja alionekana mgongo tu, lakini mama alisema mkoba ule Ngamiani nzima wanaujua. Kikatolewa.

Miezi michache baadaye mfanyabiashara mmoja wa sabuni aliiona filamu, akataka sekunde ishirini za muuzaji akiitandaza khanga, aziweke kwenye tangazo lake la kufulia. Aliwaahidi pesa nzuri kuliko zote walizotumia. Mmoja wa vijana alisema picha ni zao, wamezirekodi wao. Ni kweli, lakini barua ilikuwa imesema "kwenye filamu hii na katika kuitangaza filamu hii tu," na nakala yenye sahihi ilikuwa kwenye droo ya mama. Kijana wa kaunta naye alikuwa amekubali filamu, hakukubali kuuza sabuni. Kwa hiyo waliandika barua nyingine mbili, moja kwa mama na moja kwa kijana, kila moja ikitaja tangazo la nani, la muda gani, litaonyeshwa wapi na kila mmoja atapata kiasi gani. Kijana alikubali siku ile ile. Mama alirudisha yake ikiwa na mstari mmoja kwenye masharti: kiasi hicho kiongezwe, na sabuni yenyewe aletewe kwanza aijaribu kwenye khanga, aone kama haichujishi rangi.